Wigi Moja, Watu Watatu

Kosa linalojirudia sana katika kazi yetu ya upambaji ni kumpa mtu uso usio wake. Mwanamke transjenda amekaa kitini asubuhi akitaka kwenda ofisini, anainuka akiwa na kope bandia zinazogusa nyusi na midomo inayong'aa kama ya tamasha. Mwanamume anayependa kuvaa gauni jioni akiwa nyumbani kwake anapakwa rangi za kusomeka kutoka viti vya nyuma vya ukumbi. Na msanii wa dragi, aliyelipwa apande jukwaani, anapewa uso laini wa bibi harusi ambao taa zikishawaka hauonekani tena. Mpambaji anaweza kuwa fundi hodari na bado akakosea hivyo, kwa sababu ndani ya kichwa chake hao watatu ni mtu mmoja: "mwanamume aliyevaa kike."

Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo lolote tunauliza maswali matatu. Utaonwa na nani? Utaonwa kwa umbali gani? Na hivi vyote utavivua lini? Majibu yake hutufundisha tofauti kuliko kamusi. Msanii wa dragi hujibu: ukumbi mzima, mita kumi, nikimaliza onyesho. Mwenye kupenda kuvaa kike hujibu: mimi na mwenzangu, au marafiki wachache, karibu kabisa, kabla ya kulala. Mwanamke transjenda huliona swali la tatu kuwa la ajabu. Atanawa uso usiku kama mwanamke mwingine yeyote, na kesho ataamka kuwa yuleyule.

Maana za maneno zimo humo humo. Dragi ni sanaa ya jukwaa: mtu anaunda mhusika mwenye jinsia iliyotiwa chumvi, mhusika huyo akawa na jina, sauti, mwendo na utani wake. Wengi wanaojulikana ni wanaume wanaocheza malkia, lakini wapo wanawake wanaocheza wafalme wa dragi, wakijichorea ndevu na kuvaa suti. Kuvaa kike au kuvaa kiume ni kupenda nguo ambazo jamii yako imewatengea wengine, bila jukwaa na bila kudai kuwa wewe si yule uliyekuwa. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayoijua ndani yake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Nguo kwake ni nguo tu, jinsi zilivyo kwa watu wengine. Nani anampenda nani ni jambo la nne, na halipimwi kwa lolote kati ya haya. Wanaume wengi wanaovaa kike ni waume wa watu, na wanawake ndio wanaowapenda.

Tuanze na dragi, maana ndiyo yenye kazi nyingi mikononi, na ukiona inavyotengenezwa utaelewa kwa nini haiwezi kuwa maisha ya kila siku ya mtu.

Uso kamili wa dragi pamoja na mwili wake huchukua saa mbili hadi tatu. Msanii ale mlo mwepesi kabla na aende msalani, kwa sababu baadaye hataweza kwa urahisi. Kinachofuata ni kunyoa. Kitambaa cha maji moto kikae usoni dakika chache, wembe upite kwanza kufuata nywele zinakolalia, kisha kinyume chake, halafu ngozi iachwe ipumzike kama nusu saa. Ukipaka rangi juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa inawasha, inatoa majimaji, na fondesheni haishiki.

Baada ya hapo huja nyusi, na hapa ndipo wanaojifunza huharibu. Nyusi za mwanamume mara nyingi ziko chini na ni nene, na malkia wa dragi anahitaji nafasi ya kuchora jicho kubwa. Nyusi hazinyolewi, zinalazwa kwa gundi ya kijiti, ile ya watoto wa shule inayotoka kwa maji. Kwanza zinafutwa mafuta yote kwa pamba yenye spiriti kidogo, jicho likiwa limefumbwa. Gundi inapakwa kinyume cha nywele ili iingie hadi kwenye shina, kisha zinachanwa kuelekea juu na kulazwa bapa. Tabaka la kwanza likauke kabisa, kwa feni ni dakika tatu hivi, ndipo lije la pili, na la tatu. Juu yake poda, halafu rangi ya kusahihisha, kisha fondesheni. Nyusi mpya zinachorwa sentimita moja hadi moja na nusu juu ya zile za zamani.

Zikiharibika, zinaharibika kwa njia mbili. Kama tabaka la kwanza lilikuwa bichi au ngozi ilikuwa na mafuta, jasho la jukwaani litainua gundi na kufanya malengelenge madogo katikati ya wimbo wa pili. Kama nywele hazikulazwa bapa, kutoka mbele huoni kitu, lakini taa ya pembeni inaonyesha tuta. Njia ya kujua mapema ni kuchukua taa ya mkononi na kuiweka kando ya sikio, mwanga upite juu ya paji la uso. Kila tuta litatupa kivuli chake, na bado una muda wa kuongeza tabaka.

Ndevu zilizonyolewa bado huacha kivuli. Kwenye ngozi ya kahawia kivuli hicho huelekea kijivu au samawati, na fondesheni peke yake haikifichi, inakigeuza kuwa kijivu cha majivu. Dawa yake ni rangi ya machungwa: ya kufifia kwa ngozi ya maji ya kunde, iliyokolea hadi karibu na nyekundu kwa ngozi nyeusi. Inapakwa nyembamba, kwa ncha ya kidole, kwa kubonyeza. Poda kidogo juu yake, ndipo fondesheni kwa sponji, kwa kudondoa. Anayesugua huchanganya tabaka mbili, na kidevu kinatoka na rangi ya tofali. Poda nyeupe nayo iepukwe kwenye ngozi nyeusi: kwa macho inaonekana nzuri, lakini mwanga wa kamera ukiipiga picha inatoka na baka jeupe chini ya macho. Poda ya manjano iliyokolea hukaa vizuri.

Kutoka hapo kila kitu kinakuzwa. Kivuli cha mashavu kinachorwa cheusi kuliko kawaida, kope zinawekwa jozi mbili zilizobandikwa pamoja, midomo inachorwa nje ya mstari wake. Ukimtazama msanii huyo kwa umbali wa nusu mita unaona mchoro, na ndivyo inavyotakiwa. Mita kumi na taa kali zitakula nusu ya rangi zote hizo.

Mwili una hesabu yake. Chukua msanii mwenye kiuno cha sentimita 84 na nyonga 95, mabega mapana. Mabega hayapunguziki, kwa hiyo nyonga ndizo zitakazoongezwa hadi macho yaridhike. Tuseme anataka nyonga 108. Wengi huwaza kwamba sentimita 13 zigawanywe mbili, kila upande uwekwe sponji la sita na nusu. Hapo nyonga zinatoka kubwa mno, kwa sababu mwili si mstari: sponji likisukuma pembeni, tepu inazunguka mbele na nyuma pia. Sponji lenye unene wa sentimita nne kila upande, kwenye sehemu yake nene, huongeza kama 13 au 14 za mzunguko. Kata kwa nne, vaa, pima, kisha punguza kwa mkasi.

Sponji zuri ni lile gumu la makochi. La godoro la bei rahisi hubonyea likibanwa na taiti. Linachongwa umbo la jani refu, kuanzia chini kidogo ya kiuno hadi katikati ya paja, na kingo zake zote zikatwe mshazari hadi ziwe nyembamba kama karatasi. Ukingo ulioachwa mnene ndio huo unaoonekana kama mstari chini ya gauni. Sehemu pana ikae pale mfupa wa paja unapojitokeza pembeni, si kwenye mfupa wa nyonga wa juu. Likipandishwa, msanii anafanana na mtu aliyebeba mikoba miwili chini ya sketi. Juu ya sponji huvaliwa taiti tatu au nne, ya kwanza nzito, za juu za rangi ya ngozi. Koseti huja mwisho, ikazwe polepole kwa robo saa, kutoka 84 hadi 76 hivi. Kipimo chetu ni sentensi: kama msanii hawezi kusema sentensi ndefu bila kukata pumzi, legeza, hata kama kiuno ni kizuri namna gani.

Mtu hawezi kwenda sokoni hivyo kila siku, wala hatamani. Dragi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, kama alivyo mwigizaji wa Kabuki kule Japani. Mwaka 1629 utawala wa huko uliwapiga marufuku wanawake jukwaani, na wanaume wakachukua nafasi zao, hadi leo wapo wanaoitwa onagata waliobobea katika nafasi za kike. Uingereza nayo hadi mwaka 1660 nafasi za wanawake kwenye tamthilia zilichezwa na wavulana. Mwaustralia Bari Hamfriz alimpandisha jukwaani mama wa nyumbani aitwaye Edna huko Melbon mwaka 1955 na akamcheza kwa miongo mingi. Hakuna aliyedhani kwamba Hamfriz ni Edna. Wachekeshaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofunga leso na kilemba, wakawa mama mkali anayemgombeza mwanawe, wanafanya jambo la ukoo huo huo, ingawa wenyewe hawaliiti dragi. Watazamaji wa kwetu wanaelewa mchezo huo bila kufundishwa na mtu.

Kinachosahaulika ni kwamba si kila mwanamume mwenye gauni yuko katika mchezo.

Anayependa kuvaa kike anakuja na mahitaji yaliyo karibu kinyume cha dragi. Huyu hataki kukuzwa, anataka kupunguzwa. Akivalishwa nyonga za sponji za sentimita nne anajiona kituko, na huzuni hiyo huonekana usoni hata kabla hajasema. Kwake tunafanya mambo machache. Kivuli cha ndevu kinafichwa kwa njia ileile ya rangi ya machungwa, lakini nyembamba zaidi, kwa sababu atatazamwa kwa karibu. Nyusi hazigandishwi, zinachanwa na kupunguzwa nywele chache za chini, kiasi ambacho kesho kazini hakuna atakayeuliza. Hilo la kesho ndilo linaloongoza kila kitu. Rangi ya kucha iwe ya kutoka kwa pamba moja. Hina asipakwe kabisa, maana atakaa nayo wiki mbili.

Kwenye nguo makosa yake yanajulikana. Ananunua kwa siri, hajapima, na anachagua kwa jicho la mtu aliyetamani muda mrefu: gauni la usiku lenye kung'aa, fupi, la msichana wa miaka ishirini, wakati yeye ana hamsini. Tunamshauri apime mabega kwanza, si kifua, kwa kuwa gauni la kike hukwama mabegani. Shingo ya gauni iwe ya umbo la V, inayourefusha mwili, na mikono ifike chini ya kiwiko. Bega lililovimbishwa liachwe. Viatu vya namba 44 na 45 vya kike hupatikana kwa shida madukani, na anayejikaza ndani ya 42 atapata malengelenge usiku huohuo. Dera humkaa vizuri kuliko gauni lolote la kubana, kwa sababu halidai umbo.

Kwa nini anavaa? Wengine hupata utulivu, wengine raha ya kitambaa, wengine furaha ya kuwa upande mwingine kwa saa chache, na kwa baadhi kuna msisimko wa mapenzi ndani yake. Sababu haituhusu kitini, ila tunajua hivi: akivua, harudi kwenye maisha ya uongo. Anarudi kuwa mwanamume, na uanaume huo haumuumi. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lililoanza kutumika Januari 2022, liliondoa kabisa zile namba za ugonjwa zilizokuwa za watu wanaovaa mavazi ya jinsia nyingine. Hakuna maradhi ya kuandika hapo.

Yuko pia wa kucheza tu na mpaka wenyewe: kijana mwenye ndevu zake zote, sketi, wanja na kucha za zambarau. Huyu tusimfiche chochote. Kosa la mpambaji ni kuzikimbilia ndevu kwa rangi ya machungwa, kumbe ndevu ndizo nusu ya mchezo. Na tukumbuke kwamba mpaka wenyewe hauko mahali pamoja. Wanja kwa mwanamume wa Oman siku ya Idi ni mapambo ya heshima. Kikoi mwilini mwa mwanamume wa Lamu ni vazi la kiume, na mtalii asiyejua huiona sketi. Kanga ni ya kike, lakini baba wa nyumba akijifunga kanga ya mkewe kwenda kuoga, nani amewahi kumwuliza?

Sasa mwanamke transjenda. Kwake kazi yetu ni ndogo kuliko zote, na wapambaji wengi wanashindwa kuamini hivyo. Anataka uso wa saa tatu asubuhi wa kufika saa kumi na moja jioni. Ugumu wake uko mahali pasipoonekana. Homoni za kike hulainisha ngozi na kubadili mafuta ya mwili kwa miezi na miaka, lakini haziondoi ndevu zilizokwisha kuota, wala hazirudishi sauti nyembamba. Ndevu zinaondolewa kwa leza au kwa sindano ya umeme. Leza hufuata weusi wa unywele, kwa hiyo nywele nyeupe haiziui. Kwa ngozi nyeusi kuna mashine yenye mwanga mrefu zaidi, wa nanomita 1064, usiochoma rangi ya ngozi kirahisi. Anayepelekwa kwenye mashine isiyo sahihi hurudi na madoa usoni. Sindano ya umeme huua kila aina ya unywele, mmoja baada ya mwingine, lakini ili fundi aushike, mteja lazima aache ndevu ziote siku kadhaa kabla ya miadi.

Fikiria siku hizo ofisini. Hapo ndipo anapotuhitaji. Ndevu fupi hazifichiki kwa fondesheni nzito. Rangi inakaa kwenye ncha za nywele na kidevu kinakuwa kama sandapepa iliyopakwa. Tunapaka rangi ya machungwa nyembamba sana, fondesheni ya majimaji badala ya krimu, poda kidogo, na tunahamisha macho ya watu kwa lipstiki yenye rangi na hereni. Siku mbili za mwisho wengi huvaa barakoa na kusema wana mafua. Ukilinganisha na malkia wa dragi utaona tofauti wazi: yule anaongeza saa tatu ili awe mwingine kwa dakika ishirini, huyu anavumilia miaka ili asihitaji tena kuongeza kitu.

Kibana kifua kinafundisha jambo hilo hilo kwa upande wa pili. Mfalme wa dragi na mwanamume transjenda wote hubana matiti. Mfalme anabana kwa saa tatu za onyesho, akishuka jukwaani anafungua. Mwanamume transjenda huamka anabana, kwa sababu kifua hicho kinamtaja vibaya mbele ya kila anayekutana naye. Hivyo hatari ni yake. Kanuni inayofuatwa ni isizidi saa nane kwa siku, asilale nacho, asifanye nacho mazoezi. Bendeji za kuvutika zisitumike hata kidogo: kila anapovuta pumzi na kuitoa bendeji hukaza zaidi, na mbavu hupata madhara. Utepe wa gundi wa kufungia maboksi nao huchuna ngozi. Dalili za kuvua mara moja ni maumivu ya mbavu, ganzi mikononi, au pumzi fupi. Mfalme wa dragi akiambiwa hivyo anavua na kucheka. Mwanamume transjenda mara nyingi anauliza kama dakika kumi zaidi zitaumiza, na swali hilo pekee linakuonyesha kwamba hauko tena kwenye habari za mavazi.

Kuna kipimo kingine kilicho mbali na kioo: makaratasi. Malkia wa dragi hana haja ya kubadili cheti chake cha shule. Jina la jukwaani linakaa kwenye bango, basi. Nchini Kenya, Odri Mbugua, mwanamke transjenda, alikwenda mahakamani kudai cheti chake cha mtihani wa kidato cha nne kiandikwe jina lake jipya, kwa kuwa cheti cha zamani kilimkwamisha kupata kazi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe cheti chenye jina hilo na kisicho na alama ya jinsia. Hakuna jioni ya gauni inayomfikisha mtu huko. Madaktari nao wanashika uzi huohuo. Katika orodha ile ya mwaka 2019, kutolingana kwa jinsia kumetolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili, na maelezo yake yanasema wazi kwamba tabia na mapenzi ya mavazi peke yake si msingi wa kumwandikia mtu hali hiyo. Kwa mtoto hali lazima iwe imedumu kama miaka miwili. Mvulana aliyevaa viatu vya mama yake Jumamosi moja amevaa viatu vya mama yake.

Mistari hii, hata hivyo, watu huivuka, na tumejifunza kutomfungia mtu neno alilotumia mwaka jana. Mchekeshaji Edi Izadi, aliyezaliwa Adeni mwaka 1962 na kukulia Uingereza na Ailandi ya Kaskazini, kwa miaka mingi alijieleza kama mtu anayevaa kike. Mwaka 2020 akaomba atajwe kwa kiwakilishi cha kike, na mwaka 2023 akaongeza jina la Suzi. Ni mtu mmoja, maneno yakabadilika kadiri alivyojielewa na kadiri lugha yenyewe ilivyopata maneno. Mwaka 1910 daktari Magnus Hashfeldi wa Belini alipotunga neno la kitaalamu la watu hawa, aliwaweka wote kapu moja, waliovaa kwa raha na waliokuwa kwa hakika wanawake. Hakuwa na kapu la pili. Wapo pia wanawake transjenda ambao ni malkia wa dragi kwa kazi: mchana wanaishi, usiku wanaigiza, na ukimwuliza mmoja atakuambia kwamba wigi la jukwaani na nywele zake za kawaida hazikai kabati moja.

Wanaolipia kapu hilo moja ni watu halisi. Kuwaiti ilikuwa na kifungu cha 198 cha sheria ya adhabu kilichoadhibu "kujifananisha na jinsia nyingine". Hakikutaja kama mtu ni mwigizaji, mpenda nguo au transjenda. Mahakama ya Katiba ya huko ilikifuta Februari 2022. Oman, ambako wasomaji wengi wa Kiswahili wana ndugu, sheria ya adhabu ya mwaka 2018 bado inamwadhibu mwanamume anayeonekana hadharani kwa mavazi ya kike. Anayesafiri na sanduku la kazi ajue hilo kabla ya kupanda ndege.

Kiswahili kinatusaidia mahali fulani na kutuangusha mahali pengine. "Yeye" haina jinsia. "Amekuja, amekaa, mpe maji" haimjeruhi mtu yeyote, wakati mwenzetu anayezungumza Kiingereza anakwama kwenye neno la kwanza. Lakini sisi hatuitani kwa yeye. Tunaitana kaka, dada, mama, shangazi, mjomba, na hapo hakuna pa kujificha. Tena maneno tuliyoyarithi yamechafuka. Shoga lilikuwa neno tamu la mwanamke kwa mwanamke mwenzake, leo limekuwa tusi la kumrushia mwanamume. Hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa. Huntha ni aliyezaliwa na maumbile ya kike na kiume, na hilo ni jambo la mwili tangu kuzaliwa, tofauti na yote tuliyoeleza. Anayemwita malkia wa dragi huntha amekosea mara mbili.

Kwa hiyo kitini tunauliza mapema, kwa sauti ya kawaida: "Nikuiteje?" Msanii wa dragi atasema, nikiwa na wigi niite mama, nikivua niite kaka. Fuata hivyo hivyo, wala usione haya kubadili katikati ya jioni. Mpenda kuvaa kike mara nyingi ana jina dogo la kike ambalo hajawahi kulisikia likitamkwa na mtu mwingine. Litamke ndani, usilitamke mlangoni wala kwenye simu. Mwanamke transjenda ni dada, kesho dada, akija na ndevu za siku nne kabla ya miadi ya sindano bado ni dada.

Kuvua nako kuna utaratibu. Wigi lenye wavu wa mbele lising'olewe. Dawa ya kuyeyusha gundi ipitishwe kwa brashi kwenye ukingo, ngoja dakika mbili, wavu utajiachia wenyewe. Kope zilainishwe kwa mafuta ya nazi. Nyusi zilizogandishwa ziwekewe kitambaa cha maji ya uvuguvugu hadi gundi iteleze, kisha mafuta, ndipo sabuni. Anayezikwangua kwa kucha huondoka na nywele, na nyusi za mtu mzima hurudi polepole. Taiti zivuliwe zote pamoja zikiviringishwa kwenda chini, sponji zitoke na jasho lake, zioshwe usiku huohuo kwa sabuni ya maji na kukaushwa kivulini. Zikiachwa ndani ya begi hadi onyesho la Jumamosi ijayo zinaota ukungu, na hakuna marashi yatakayoondoa harufu hiyo.